Maelezo ya sauti kwenye filamu fupi: ubane maneno kwenye mianya au ugandishe picha?

Filamu imekamilika, sauti imechanganywa, na sasa unataka mtazamaji asiyeona aifuate bila kumuuliza aliye pembeni "kimetokea nini?" Unahitaji trak ya pili yenye msimulizi anayetaja yale ambayo picha inaonyesha na sauti haisemi. Shida ni kwamba wahusika wanaongea, na msimulizi hawezi kuongea juu yao. Hapo una njia mbili kuu. Ya kwanza ni kubana maelezo ndani ya mianya iliyopo kati ya sentensi za wahusika, filamu ikabaki na urefu ule ule. Ya pili ni kugandisha picha kwa sekunde kadhaa, msimulizi akamaliza lake, kisha filamu ikaendelea. Kuna na ya tatu, utangulizi wa sauti unaosikika kabla ya filamu kuanza. Hiyo huifanyi peke yake. Inazisaidia hizo mbili, na nitaigusa baadaye.

Nizilinganishe kwa onyesho moja, kwa sababu kwa maneno matupu zote mbili zinaonekana rahisi.

Chukua filamu ya dakika 11. Salma anarudi nyumbani baada ya mazishi ya mama yao na kumkuta kaka yake Juma. Sebuleni kuna meza ambayo mama aliwekea cherehani yake ya mkono. Sisi watazamaji tuliiona cherehani hiyo mwanzoni mwa filamu. Sasa haipo, Juma ameiuza, na hataki Salma ajue. Onyesho lenyewe linakwenda hivi. Sekunde 6 za mwanzo hakuna anayesema kitu: mlango unalia, hatua zinasikika, Salma anaingia na Juma yuko mbele ya meza. Juma anasema, "Umechelewa." Salma anajibu, "Basi liliharibika." Zinafuata sekunde 3 za kimya, Juma akitupa shuka juu ya meza. Kisha, "Kaa basi, nikuletee maji." Juma anatoka, Salma anafunua shuka, na juu ya vumbi la meza inaonekana alama safi ya mstatili pale kitako cha cherehani kilipokuwa. Sekunde 2 na nusu baada ya neno "maji" Salma anavuta pumzi kwa mshtuko, halafu anaita kuelekea jikoni, "Iko wapi?"

Asiyeona anasikia mlango, salamu baridi, kitambaa, hatua, pumzi, na "iko wapi?" Nini iko wapi? Hilo ndilo tunalotakiwa kulijibu.

Kwanza pima nafasi, na uipime kwa silabi

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa Kiingereza na inahesabu maneno kwa dakika. Usiihamishe ilivyo. Kwa Kiswahili "alipomwona" ni neno moja na "mti" ni neno moja, lakini la kwanza lina silabi 5 na la pili 2. Ukihesabu maneno utajidanganya, utafika studio na sentensi ya maneno manne ambayo haiingii popote. Hesabu silabi. Njia ya haraka ni kuhesabu irabu, kisha uongeze moja kwa kila "m" au "n" inayosimama peke yake, kama katika "mtu" au "nne".

Mimi hutumia silabi 5 kwa sekunde. Kiswahili cha mtaani kinakwenda mbio kuliko hapo, lakini msikilizaji wa maelezo anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anakusikiliza wewe na anaifuata filamu. Halafu toa nusu sekunde kwenye kila mwanya, robo kabla na robo baada, ili msimulizi asigongane na mhusika. Kwa hesabu hiyo mwanya wa kwanza wa sekunde 6 unabeba silabi 27, wa pili wa sekunde 3 unabeba 12, na wa tatu, kuanzia "maji" hadi pumzi ya Salma, unabeba 10 tu.

Njia ya kubana

Mwanya wa kwanza nilianza kwa kuandika kwamba mlango unafunguka. Kosa la wengi. Mzee mmoja asiyeona aliyewahi kunipitia maandishi kabla ya kurekodi alinikatisha kwenye sentensi kama hiyo: "Mwanangu, mlango nimeusikia mwenyewe. Niambie nani kaingia." Tangu siku hiyo naanza kwa kusikiliza onyesho huku skrini imezimwa, na chochote ninachokitambua kwa sikio nakifuta kwenye maelezo. Kilichobaki:

"Salma anaingia na begi. Juma amesimama mbele ya meza."

Silabi 22. Zimebaki 5. Ningeweza kuziacha mlango usikike vizuri, lakini tazama mwanya wa tatu ulivyo mwembamba. Huko mbele hakuna nafasi ya kutaja cherehani, na bila cherehani "iko wapi?" ya Salma inaning'inia. Kwa hiyo naipanda mapema: "mbele ya meza ya cherehani." Silabi 27 kamili. Hilo halifichui siri, maana sijasema cherehani ipo au haipo. Nimeitaja meza kwa jina ambalo aliyeona mwanzo wa filamu angelikumbuka mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kulipanda neno hilo hilo na si jingine. Mhusika anasema "iko", si "kiko" wala "uko". Kiswahili kinabeba nomino ndani ya kiambishi. Kama maelezo yako yangesema "kifaa cha mama", msikilizaji angesubiri "kiko wapi?", na "iko" ingemfanya atafute kitu kingine. Kila mara mazungumzo yanapoanza na kiambishi bila nomino, rudi nyuma uhakikishe msimulizi amekwisha kutaja nomino ya ngeli ile ile.

Mwanya wa pili. Rasimu ya kwanza: "Juma anachukua kitambaa kikubwa na kukitupa juu ya meza." Silabi 24 kwenye nafasi ya 12. Hapa ndipo watu huharibu kazi kwa kumharakisha msomaji, au kwa kuibana sauti yake kwenye kompyuta. Kidogo sana inapita, lakini ukibana zaidi ya asilimia 5 hivi sikio linajua. Dawa ni kuandika upya. Kutupa kunasikika, kitambaa kinapigwa hewani kabla ya kutua. Kisichosikika ni kwamba meza ndiyo inayofunikwa, na nani anaifunika. "Juma anafunika meza kwa shuka." Silabi 12.

Jaribu kuondoa "Juma" ili upate nafasi uone kinachotokea. "Anafunika meza." Nani? Aliyesema mwisho ni Salma, kwa hiyo sikio litampa yeye. Kiambishi "a-" hakisemi mwanamume wala mwanamke, na kwenye onyesho la watu wawili jina ni lazima karibu kila mwanya. Ni silabi unazozilipa mara kwa mara, kwa hiyo zihesabu mapema. Na ukishawishika kuandika "Juma afunika meza" ili uokoe silabi moja, usome kwa sauti kwanza. Ni kichwa cha habari cha gazeti. Kinachookoa silabi bila kuchekesha ni "-ki-": "anaingia akichechemea" inabeba vitendo viwili kwa pumzi moja.

Mwanya wa tatu, silabi 10. Nilikaa nao muda mrefu kuliko yote mengine. Nilichotaka kusema: Salma anafunua shuka, kwenye vumbi kuna alama ya cherehani ya mama. Hailingani na nafasi hata ukiipinda vipi. Toleo fupi kuliko yote nililopata lenye alama hiyo, "Salma anafunua. Alama ya cherehani vumbini," lina silabi 18 na linaimeza pumzi ya Salma. Na pumzi ile ndiyo onyesho lenyewe. Mwishowe:

"Salma anafunua. Patupu."

Kumi. Cherehani imekwisha kutajwa, meza imekwisha kufunikwa, na "patupu" inaelekeza mahali bila kuhitaji nomino. Msomaji akianza robo sekunde baada ya "maji", neno "patupu" linatua wakati shuka imekwisha inuka kwenye picha, si kabla. Hilo nalo lipime. Ukimwambia asiyeona jambo sekunde moja kabla wenzake hawajaliona, umemwibia mshtuko wake.

Umeona kilichopotea. Vumbi. Alama safi inayosema kwamba cherehani ilikaa pale miaka na imeondolewa juzi.

Njia ya kugandisha

Kwa njia hii mianya miwili ya kwanza inabaki kama ilivyo. Kwenye wa tatu msimulizi anasema zile silabi 10, kisha picha inaganda kabla tu ya pumzi, na anaongeza: "Kwenye vumbi imebaki alama ya kitako cha cherehani." Silabi 20, sekunde 4. Ukiweka nusu sekunde kila upande, mgando ni sekunde 5. Halafu pumzi. Halafu "Iko wapi?"

| | Kubana | Kugandisha |
|---|---|---|
| Mwanya 1, sekunde 6 | Salma anaingia na begi. Juma amesimama mbele ya meza ya cherehani. | Vilevile |
| Mwanya 2, sekunde 3 | Juma anafunika meza kwa shuka. | Vilevile |
| Mwanya 3, sekunde 2.5 | Salma anafunua. Patupu. | Vilevile, kisha sekunde 5 za mgando: Kwenye vumbi imebaki alama ya kitako cha cherehani. |
| Urefu wa filamu | Haubadiliki | Unaongezeka kwa kila mgando |

Kwa maelezo matupu mgando umeshinda. Bei yake iko kwenye sauti. Filamu inapoganda, sauti yake inaenda wapi? Ukiikata kabisa, msikilizaji anasikia kimya cha ghafla kama mtandao umekwama, na nusu ya sekunde zako 5 anazitumia kujiuliza kama simu imezima. Inabidi sauti ya mazingira ya chumba iendelee chini ya msimulizi. Kama una trak za sauti zilizotenganishwa, mazungumzo pembeni na mazingira pembeni, hilo ni jambo la dakika chache: unarefusha mazingira. Kama umebaki na sauti moja iliyokwisha changanywa, tafuta sekunde 5 za chumba kitupu kutoka kwingine kwenye onyesho hilo hilo uzinakili. Na kama jirani kwenye filamu anafungulia redio, au muziki wa filamu unapita hapo, mgando hauwezekani bila jeraha. Wimbo utakatwa katikati ya mstari na kuendelea sekunde 5 baadaye, na hakuna mtu asiyesikia hilo.

Jambo la pili huwa linasahaulika hadi siku ya kuonyesha. Kila mgando unasogeza kila kitu kinachofuata. Migando minne ya sekunde 5 inafanya filamu ya dakika 11 iwe na sekunde 20 zaidi, na manukuu yako ya zamani yataanza kutangulia midomo ya wahusika: sekunde 5 baada ya mgando wa kwanza, 20 baada ya wa nne. Toleo lililogandishwa linahitaji faili lake la manukuu.

Jambo la tatu ni watu. Mgando ni mzuri kwa mtu anayetazama peke yake kwenye simu au kompyuta. Sebuleni na wenzake wanaoona, kila picha inaposimama watu wanageuka. Kwenye ukumbi wa sinema hauna pa kukaa kabisa. Sinema za kidijitali zinapokea filamu kwa mfumo wa DCP, ambamo maelezo kwa wasioona yana chaneli yao, ya 8, inayokwenda kwenye hedifoni za wanaoihitaji wakati ukumbi mzima unatazama picha moja isiyosimama. Chaneli hiyo huwekewa sauti ya msimulizi pekee, bila sauti ya filamu, maana ile ya filamu mtazamaji anaisikia ukumbini. Ukipeleka pale trak uliyochanganya kwa ajili ya simu, atasikia mazungumzo mara mbili.

Miongozo ya WCAG ya maudhui ya mtandaoni nayo imezitenga njia hizi. Maelezo ya kawaida kwa video iliyorekodiwa ni kigezo 1.2.5, daraja la AA. Ya kurefusha kwa kusimamisha picha ni 1.2.7, daraja la AAA, kwa ajili ya pale ambapo mianya haitoshi kubeba maana. Aliyekuagiza ufikie AA anakudai njia ya kwanza tu.

Utangulizi, na ujanja wa kuchelewesha

Kabla hujagandisha chochote, jaribu vitu viwili.

Utangulizi wa sauti ni dakika moja, pengine na nusu, inayosomwa kabla ya filamu: sura za wahusika, mavazi, mahali. Kwa filamu hii ningesema sebule ina meza moja ya mbao, na juu yake cherehani nyeusi ya mkono yenye kitako cha mstatili. Sentensi hiyo moja inapunguza mzigo wa dakika nzima ya kwanza, na "meza ya cherehani" inaeleweka mara moja ikifika. Udhaifu wake ni kwamba wengi huuruka, hasa kwenye simu. Usiweke humo kitu ambacho filamu haieleweki bila hicho.

Cha pili ni kuchelewesha. Maelezo hayalazimiki kutoka sekunde ile ile jambo linapoonekana, mradi kamera inalirudia au jambo lenyewe bado lipo. Katika dakika ya 9 Salma anakaa peke yake mbele ya meza ile, sekunde 12, hakuna anayesema. Hapo nina silabi 57. "Salma anapitisha kidole kwenye vumbi la meza, akifuata alama ya kitako cha cherehani." Silabi 34, na sekunde nyingi za kimya zinabaki. Vumbi limesemwa, mahali ambapo lina uzito kuliko lingekuwa nao kule mwanzo.

Kwa sababu hiyo, kwa filamu hii nisingegandisha. Ningebana, ningeandika utangulizi mfupi, ningelipeleka vumbi dakika ya 9. Ningebadili mawazo kama kamera isingerudi mezani na mwisho wa filamu ukategemea alama ile, au kama onyesho lingekuwa la watu wanaobishana dakika mbili bila kupumua huku mmoja akificha barua mfukoni. Hapo gandisha, mara moja au mbili, na utoe matoleo mawili. Filamu inayodai migando kumi huwa ina dosari kwenye maandishi ya maelezo kuliko kwenye mianya. Ni kawaida kukuta msimulizi anaeleza rangi ya mapazia.

Kuongea juu ya wahusika kunaruhusiwa kidogo: makelele ya watu sokoni, kibwagizo cha wimbo kinachorudiwa mara ya tatu, salamu za mlolongo. Kamwe si juu ya sentensi inayobeba habari. Mahali popote msimulizi anaposema, sauti ya filamu ishushwe desibeli 6 hadi 10, taratibu, ianze kushuka kidogo kabla ya neno la kwanza. Ikishuka kwa kukatika, msikilizaji anasikia chumba kikifungwa na kufunguliwa kila mara.

Kuiweka kwenye faili

Ukichagua kubana, trak ya maelezo iliyochanganywa na sauti ya filamu inakaa ndani ya video ile ile kama trak ya pili. Kwa `ffmpeg` ni hivi:

```
ffmpeg -i filamu.mp4 -i maelezo.wav \
  -map 0:v -map 0:a:0 -map 1:a \
  -c:v copy -c:a:0 copy -c:a:1 aac -b:a:1 192k \
  -metadata:s:a:1 language=swa \
  -disposition:a:1 visual_impaired \
  filamu_maelezo.mp4
```

Picha haiguswi, inanakiliwa tu, na `visual_impaired` inakiambia kichezeshi hii ni trak ya nani. Kabla ya kuendesha amri hiyo hakikisha `maelezo.wav` ina urefu sawa na filamu, kuanzia sekunde ya sifuri. Ikianzia kwenye neno la kwanza la msimulizi, kila kitu kitatangulia.

Programu nyingi za simu, hata hivyo, hazionyeshi mahali pa kubadili trak, au zinapaficha ndani ya menyu tatu ambazo asiyeona hatazifikia kwa urahisi. Kwa hiyo toa na nakala ya pili ambayo sauti yake pekee ni ile yenye maelezo, na uandike "yenye maelezo ya sauti" kwenye jina la faili, mwanzoni, ili kisoma-skrini kilitamke kabla ya jina la filamu. Ukichagua kugandisha huna hiari: picha yenyewe ina urefu tofauti, na matoleo mawili ni faili mbili.

Kisha mpe mtu asiyeona, ambaye hajasoma hadithi, aisikilize mara moja bila kusimamisha. Usimuulize kama ameipenda. Muulize nini kilikuwa mezani, na nani aliifunika meza. Akijibu "Salma" kwenye swali la pili, kuna jina umelikata mahali fulani.